Makovu ya chunusi: madoa, vishimo na miezi ya kusubiri

Kabla hujanunua krimu yoyote, jua kwanza una nini usoni. Nawa uso, ufute ukauke, kisha simama ubavu kwa dirisha wakati wa mchana ukiwa na kioo kidogo mkononi. Tazama shavu lililo upande wa mwanga, alama moja baada ya nyingine. Halafu geuka ulikabili dirisha na utazame tena. Alama inayobaki vilevile, iwe nyeusi, ya kahawia au yenye wekundu wa zambarau, ni doa. Alama iliyokuwa na kivuli mwanga ulipotoka ubavuni, kisha ikafifia ulipoligeukia dirisha, ni kishimo. Ukiwa na shaka fumba macho upitishe ncha ya kidole juu yake polepole. Doa halihisiki, ila kishimo utakigundua hata gizani.

Watu wengi wana vyote viwili, na mara nyingi doa limekaa ndani ya kishimo chenyewe. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu tiba ya kimoja haimgusi mwenzake. Doa ni rangi iliyozidi. Chunusi inapowaka, chembe zinazotengeneza melanini hushtuka zikamwaga rangi kupita kiasi, na ngozi yetu nyeusi hufanya hivyo kwa wepesi zaidi. Ngozi yenyewe chini ya doa ni nzima. Kishimo ni upungufu: uvimbe wa chunusi kubwa umekula nyama ya ngozi, zile nyuzi za kolajeni zinazoipa unene, na mwili ukaziba pengo kwa kovu dogo kuliko kilichopotea. Hakuna krimu ya kupaka inayoweza kujaza pengo hilo. Ukiuziwa tyubu inayoahidi kufuta vishimo kwa wiki sita, irudishe.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, si doa wala kishimo. Ni kuzima chunusi. Kila kipele kinachovimba leo ni doa la miezi ijayo, na kila jipu lenye maumivu linaloachwa wiki kadhaa bila tiba linaweza kuwa kishimo cha maisha. Madaktari wa ngozi wengi hawakubali kugusa vishimo mpaka uso uwe umetulia kwa miezi kadhaa, na wana haki. Dawa ya msingi ni jeli ya adapalini ya asilimia 0.1, ambayo ni ndugu wa vitamini A. Huzuia vinyweleo kuziba, hivyo chunusi mpya hupungua, na polepole husaidia madoa kufifia. Jinsi ya kuipaka ndiyo inayoamua kama utaendelea nayo au utaitupa. Usiku nawa kwa sabuni laini, subiri uso ukauke kabisa kwa dakika ishirini hivi, chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, kisha tandaza kote, si juu ya vipele tu. Anza na usiku mbili kwa wiki. Baada ya wiki mbili au tatu, ngozi ikiwa imetulia, ongeza usiku mmoja, na uendelee hivyo mpaka ufikie kila usiku. Ukikauka na kubanduka, paka losheni isiyo na manukato na upunguze siku. Usivumilie kuungua ukidhani ndiyo dawa inafanya kazi: kwenye ngozi nyeusi mwasho wenyewe huacha madoa, na utakuwa umejitengenezea kile unachokitibu.

Asubuhi unaweza kuosha uso kwa dawa yenye benzoili peroksaidi, ambayo huua vijidudu vya chunusi. Angalia taulo na foronya zako, kwani huzipausha rangi. Chunusi zikiwa ni majipu ya ndani yenye maumivu, hizi za kupaka hazitoshi. Hapo unahitaji daktari, ambaye anaweza kukupa antibayotiki ya kumeza kwa miezi michache au isotretinoini. Hiyo ya mwisho ina nguvu kweli, lakini humlemaza mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke hapewi bila kipimo cha mimba na njia ya uhakika ya kuzuia mimba. Adapalini nayo achana nayo ukiwa mjamzito au ukitafuta ujauzito.

Sasa madoa. Habari njema ni kwamba mengi hufifia yenyewe, mradi chunusi zimekoma na jua halirudishi rangi. Doa la kahawia lililokaa juu juu huchukua kati ya miezi sita na mwaka. Lenye rangi ya kijivu au ya bluu iliyokolea liko chini zaidi, na hilo linaweza kukaa miaka. Tiba huongeza kasi tu, na tiba kubwa kuliko zote ni kujikinga na mwanga. Wengi wetu tumeambiwa ngozi nyeusi haihitaji losheni ya kuzuia jua. Kuhusu kuungua na jua kuna ukweli kiasi. Kuhusu madoa hakuna. Jua hulikoleza doa lile lile unalolipaka dawa usiku. Tena si miale isiyoonekana peke yake. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huichochea ngozi nyeusi kutoa rangi, na losheni nyingi za kawaida haziuzuii. Kwa hiyo tafuta ile yenye rangi ya kahawia, iliyochanganywa na oksaidi za chuma. Hizo ndizo zinazouzuia mwanga huo, na faida nyingine ni kwamba hazikuachi na uso wa majivu. Kinga iwe namba 30 au zaidi. Kiasi cha kutosha ni michirizi miwili ya urefu wa kidole cha shahada na cha kati kwa uso na shingo, na kama unashinda nje, barabarani au sokoni, rudia kila baada ya saa mbili. Losheni hiyo ikikushinda bei, kofia pana au mtandio unaotia kivuli usoni kila siku ni bora kuliko seramu ya bei kubwa inayopakwa kwenye uso ulio juani.

Dawa ya pili kwa madoa, na ndiyo ninayoipendekeza kabla ya nyingine, ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20. Hupunguza utengenezaji wa rangi kwenye chembe zilizochangamka kupita kiasi, na haiipaushi ngozi nzima iliyo karibu. Pia hutibu chunusi, na mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa daktari. Huwasha kidogo siku za mwanzo, kama vijisindano, kisha hutulia. Paka asubuhi kabla ya losheni ya jua, na usiihukumu kabla ya wiki kumi na mbili.

Haidrokwinoni nayo inafanya kazi, lakini ni dawa ya kuandikiwa. Daktari huitoa kwa nguvu ya asilimia 4 au chini, ipakwe usiku juu ya doa tu, kwa miezi kama mitatu, kisha mapumziko. Ikitumiwa miaka kwa miaka huku mtu akitembea juani, hugeuka adui. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya wanawake waliokuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye haidrokwinoni, ambao mashavu yao yalikuwa yameota weusi wa kijivu wenye vipunje vidogo vigumu. Hali hiyo huitwa okronosisi, na kuiondoa ni vigumu kuliko doa la kwanza lililompeleka mtu dukani. Huanza kimya: unaona mashavu yanakuwa meusi, unadhani dawa haitoshi, unaongeza. Ukiona sehemu unayoipaka inazidi kuwa nyeusi, acha siku hiyo hiyo na umwone daktari.

Hapa lazima niseme kuhusu mkorogo, kwa sababu makovu ya chunusi ndiyo mlango ambao wengi huingilia. Dada anataka kufuta madoa matano, anaishia kupaka uso mzima mchanganyiko wa kwenye kikopo kisicho na maandishi. Ndani yake mara nyingi mna steroidi kali, haidrokwinoni isiyojulikana kiasi chake, na wakati mwingine zebaki, ambayo huharibu figo. Ishara ni nyepesi kuziona: uso unang'aa ndani ya siku chache, vipele vinapotea ghafla, na ukikosa kupaka siku mbili uso unawaka na kuwasha. Ukiendelea, ngozi hukonda, mishipa midogo hujitokeza mashavuni, na chunusi ndogo ndogo za aina moja hujaa kidevuni. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini vikopo bado vinauzwa. Kama tayari unatumia, usikatize peke yako kwa ghafla. Mwambie daktari ukweli wote, nenda na kikopo chenyewe, naye atakupangia namna ya kushuka.

Tukirudi kwenye vishimo, kuna maumbo matatu, na kila moja lina tiba yake. Lipo tundu jembamba lenye kina, mdomo wake usiozidi milimita mbili. Kipo kishimo kipana kidogo chenye kuta zilizosimama. Na kuna bonde pana lisilo na kingo, linaloufanya uso uonekane na mawimbi. Livute shavu taratibu kwa vidole viwili: bonde hunyooka na kupotea, tundu na kishimo chenye kuta hubaki. Jaribio hilo dogo linakuambia jambo kubwa, kwa maana bonde halijapoteza nyama nyingi. Limeshikwa kwa chini na nyuzi za kovu zinazoivuta ngozi ndani, kama godoro lililoshonwa kwa uzi mpaka likabonyea.

Kwa hiyo tiba ya bonde ni kukata uzi. Daktari huchora mipaka ya mabonde kwa kalamu ukiwa umeketi, kwa sababu ukilala hupotea. Kisha huchoma ganzi, huingiza sindano yenye ncha ya kukata chini ya ngozi kupitia tundu moja dogo, na kuipeleka mbele na nyuma ikikata nyuzi zile. Utasikia mkwaruzo bila maumivu. Ndiyo nyuzi zinakatika. Damu kidogo hujikusanya pale chini na kusaidia nyuzi zisigandamane tena. Shavu huvimba na kuvilia damu kwa wiki moja hadi mbili, basi usipange kufanya hivyo wiki ya harusi. Kwa kawaida hurudiwa mara mbili au tatu, kwa nafasi ya mwezi mmoja au miwili. Kwa mabonde, ninaamini hakuna kinachoipita kwa thamani ya pesa, na inashangaza jinsi watu wengi wanavyouziwa leza ghali kabla ya hata kuambiwa kuhusu sindano hii.

Tundu jembamba hutibiwa kwa asidi kali ya trikloroasetiki. Daktari huchovya kijiti chenye ncha na kugusa chini ya tundu moja moja, bila kugusa ngozi ya kando. Ndani ya sekunde chache hugeuka jeupe, baadaye hutoka kigaga kinachoanguka chenyewe ndani ya wiki. Hurudiwa mara tatu mpaka sita. Hatari kwa ngozi nyeusi ni pete ya weusi kuzunguka tundu, ambayo huchukua wiki au miezi kuisha, ndiyo maana daktari mwangalifu hujaribu matundu machache kwanza na huanza na nguvu ya chini. Asidi hii inauzwa mitandaoni. Usiinunue. Tone likikosea njia, tundu la milimita moja linakuwa kovu la milimita nne. Tundu lenye kina sana hukatwa kwa kisu kidogo cha mviringo na kushonwa, kovu likabaki mstari mwembamba.

Kishimo chenye kuta, na mchanganyiko wa vyote, mara nyingi hupelekwa kwenye sindano ndogo ndogo: kalamu yenye sindano nyingi huchoma ngozi kwa kina cha milimita moja na nusu hadi mbili na nusu, na ngozi hujenga kolajeni mpya inapojiponya. Unapakwa krimu ya ganzi kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja, uso hutoa vidoa vya damu, kisha huwa mwekundu kwa siku mbili hadi nne. Mizunguko mitatu hadi sita, mwezi mmoja kati yake. Kwa ngozi nyeusi, njia hii ina hatari ndogo ya madoa kuliko leza inayochoma, kwa sababu haitumii joto. Leza inaweza kusaidia, lakini mkononi mwa mtu anayeijua ngozi nyeusi, kwa nguvu ndogo na nafasi ndefu zaidi. Mwombe akuonyeshe picha za wagonjwa wenye rangi yako, za kabla na za miezi sita baada.

Suala la damu lisichukuliwe kirahisi. Kichwa cha sindano kifunguliwe kutoka kwenye pakiti mbele yako na kitupwe ukiwa bado hapo. Mwaka 2024 mamlaka ya afya ya Marekani ilitangaza wateja walioambukizwa virusi vya UKIMWI kwenye kituo cha urembo kisicho na leseni, baada ya kuchomwa sindano za uso. Kigurudumu cha sindano cha nyumbani au cha saluni kinachopita uso kwa uso hakifai, na hata ukiwa nacho peke yako, sindano zake fupi hazifiki kwenye kovu. Pia, kama wewe au ndugu zako wa damu huota makovu yanayovimba, mathalani baada ya kutoga masikio, mwambie daktari kabla ya sindano yoyote.

Nikupe picha ya jinsi miezi inavyokwenda. Chukua dada wa miaka 26 anayeuza dukani Arusha. Ana chunusi kidevuni, madoa kama ishirini, mabonde matano shavu la kulia, na matundu sita shavu la kushoto. Mwezi wa kwanza anaanza adapalini na losheni ya jua. Wiki ya tatu uso unabanduka na vipele vinaongezeka kidogo. Anapunguza siku, haachi. Mwezi wa tatu vipele vipya ni viwili au vitatu kwa mwezi, madoa ya karibuni yameanza kupauka, ya zamani bado. Anaongeza asidi ya azelaiki. Mwezi wa sita madoa mengi yamepungua nusu, na hapo analalamika kwamba vishimo vimezidi. Havijazidi. Rangi iliyokuwa ikiyavuta macho imeondoka, sasa anaviona vyenyewe. Wengi hukata tamaa hapa hapa.

Kwa kuwa uso umetulia miezi mitatu mfululizo, daktari anamkata nyuzi za mabonde na kugusa matundu mawili kwa majaribio. Anasimamisha adapalini siku chache kabla, na haipaki mpaka ngozi ipone. Mwezi wa nane nyuzi zinakatwa mara ya pili, na matundu yote sita yanaguswa. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili anachomwa sindano ndogo mara nne, na matundu yanarudiwa mara mbili. Kila baada ya mzunguko, shavu huonekana zuri wiki ya kwanza, kisha hurudi chini. Ule uzuri wa wiki ya kwanza ni uvimbe, na mtu asiyejua hudhani tiba imefeli. Kolajeni hujengwa kimya kwa miezi mitatu hadi sita baada ya mzunguko wa mwisho.

Mwezi wa kumi na nane ndio wa kutoa hukumu. Madoa yamebaki matatu au manne ya kijivu. Mabonde yamepungua kina karibu nusu, hayaonekani kwa mtu aliye umbali wa mita moja. Matundu manne yamekuwa mafupi na mapana kidogo, mawili bado yapo na yanaonekana mwanga ukitoka ubavuni. Hayo ni matokeo mazuri. Daktari anayekuahidi ngozi laini kama ambayo haijawahi kuugua anakudanganya, na anayekuambia huwezi kupata chochote hajui zana zilizopo.

Kioo hakiwezi kukuonyesha mwendo huo, kwani unajitazama kila siku. Piga picha kila baada ya wiki nne, dirisha lile lile, saa ile ile, simu ikiwa umbali wa nusu mita, bila vipodozi na bila kichujio cha urembo. Piga moja ukilikabili dirisha kwa ajili ya madoa, na mbili za ubavu kwa ajili ya vishimo. Linganisha ya leo na ya miezi mitatu iliyopita, usilinganishe na ya wiki iliyopita. Madoa yasipobadilika kwa miezi mitatu ya kupaka sawasawa na kujikinga na jua, badilisha dawa. Vishimo visipobadilika miezi minne baada ya mizunguko mitatu, muulize daktari kama umbo la kovu lilitambuliwa vizuri tangu mwanzo.

Kuhusu gharama, usiulize bei ya mzunguko mmoja. Uliza mizunguko yote, ganzi, dawa za nyumbani na losheni ya jua kwa mwaka mzima, ndipo uamue. Mtaalamu mwenyewe awe daktari wa ngozi. Kanda yetu inao wachache, lakini wapo; kituo cha KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na hospitali nyingi kubwa za rufaa zina kliniki ya ngozi. Na kama leo bado unaota majipu yenye maumivu mashavuni, fedha uliyotenga kwa ajili ya vishimo ipeleke kwanza kwenye kuyatibu hayo.